Choo cha ukumbini: kilinuka na maji, kikanuka bila maji

Mwenye jengo alinipigia simu Jumatatu asubuhi. Jengo lipo Mwanakwerekwe, Unguja: chini pana mkahawa, juu pana ukumbi wa harusi na mikutano, na choo cha wanaume cha ukumbini kina mabakuli matatu ya kukojolea yaliyopangwa ukutani, yale ambayo sisi mafundi tunayaita yurino. Kulikuwa na harusi Jumamosi. Wageni walihama meza zilizo karibu na mlango wa choo.

"Fundi wangu," aliniambia, "maji nimeyaondoa miezi mitatu sasa, nikanunua hizi za bila maji. Nimeambiwa hazinuki. Zinanuka kuliko mwanzo."

Nilimuuliza kwa nini aliyaondoa maji. Akajibu kwamba tangi la juu lilikuwa halijai, na mtu alimwambia mabakuli ndiyo yanayokula maji. Jibu hilo niliweka kiporo kwanza, maana nilikuwa na harufu ya kuitafuta.

Kwenye kazi hii pua ni kipimo. Choo kinanuka kwa namna mbili, na kila namna ina mahali pake pa kutazama. Harufu inayochoma pua na kutoa machozi ni amonia, yaani mkojo uliolala mahali ukaoza: kwenye sakafu, kwenye viungo vya vigae, au kwenye ukoko ndani ya bomba. Harufu ya yai viza ni hewa ya karo, na hiyo haiingii chumbani mpaka trapu iwe imepoteza kizibo chake. Pale ukumbini nilizikuta zote mbili. Ukisimama mlangoni unapata ile inayochoma, na ukiinama juu ya bakuli unapata karo.

Nianze na hiyo ya karo. Trapu ya kawaida ni kona ya bomba inayobakisha maji, sentimita saba na nusu hivi kwa bakuli la kukojolea, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya karo isipande. Bakuli lisilotumia maji halina mlango huo. Badala yake lina katriji, kikopo cha plastiki kinachokaa kwenye tundu la chini. Ndani yake mna chumba kilichokatwa kati na ukuta usiofika chini kabisa. Unamiminwa humo mchuzi maalumu wa mafuta, kwa aina aliyonunua huyu bwana ni kama mililita 90, mara nyingi umetiwa rangi ya buluu. Mafuta ni mepesi kuliko mkojo, kwa hiyo yanakaa juu kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi wa samaki uliokwisha kuiva. Mkojo ukiingia unayapita mafuta, unazama, unapita chini ya ule ukuta, unapanda upande wa pili na kumwagikia kwenye bomba la kutokea. Mafuta hayana njia ya kushuka chini ya ukuta, basi yanabaki pale pale yakiwa kifuniko. Mkojo unapita, hewa haipandi. Hapahitajiki umeme wala maji.

Ziko nyingine zisizotumia mafuta. Zina ulimi wa mpira mwororo unaofunguka kwa uzito wa mkojo na kujifunga wenyewe. Hizo zina maradhi yao, unywele mmoja ukinasa ulimi haufungi tena, lakini hapa hazikuwepo.

Nilizitoa katriji zote tatu kwa ule ufunguo wake wa plastiki. Nikakata chupa tatu za maji ya kunywa, nikamimina kilichomo katika kila katriji kwenye chupa yake, nikaziacha dirishani. Baada ya dakika kumi, katriji nzima ingekuwa na ukanda wa buluu juu unaoonekana wazi. Chupa mbili hazikuwa na kitu ila mkojo mchafu. Ya tatu ilikuwa na ngozi nyembamba tu, kama ile inayokaa juu ya chai ya maziwa. Kwa maneno mengine mabakuli mawili yalikuwa wazi hadi karoni.

Mafuta yalikwenda wapi? Nilimwomba bi anayefanya usafi anioneshe anavyosafisha, wala nisimwambie kitu. Alileta ndoo, akatia sabuni ya maji, akapiga brashi bakuli lote vizuri kabisa, kisha akamalizia kwa kuimwaga ndoo iliyobaki kwa mkupuo mmoja. Nisingeweza kumlaumu. Bakuli la maji ndivyo linavyooshwa, na hakuna aliyemwambia kwamba hili si la maji. Lakini mtu mzima akikojoa anatoa kama mililita 20 kwa sekunde, na ndoo ya lita 10 ikimwagwa kwa sekunde tatu nne ni zaidi ya mara mia ya hapo. Maji hayo yanavuruga chumba cha katriji, yanayapiga mafuta yakawa matone, na matone yanaburutwa chini ya ukuta na kutoka. Sabuni nayo inafanya kazi yake ya siku zote: inayavunja mafuta yachanganyike na maji.

"Kwa hiyo nisioshe?" aliuliza.

Nilimwambia bakuli la aina hii linapulizwa dawa isiyokuwa na povu jingi, linafutwa kwa kitambaa, na ndoo haisogei karibu.

Hilo lingetosha kueleza katriji mbili. Ila nilipokaa pale mpaka baada ya adhuhuri, watu wa mkahawani wakawa wanapanda kutumia choo, niliona jambo jingine ambalo mwenye jengo angelijua mwenyewe kama angefikiri kidogo. Kila anayeingia anachukua kopo pale penye mfereji, analijaza, anasimama bakulini, anamaliza haja yake, anajitwaharisha na kumwaga maji humo humo. Ni lita moja, wengine zaidi. Siku ya harusi wanaume mia wanafanya hivyo. Bakuli linaitwa la bila maji, nalo linapata maji kila dakika, tena kwa vishindo. Chombo hiki kimebuniwa kwa watu wanaofunga zipu wakaondoka. Unguja huwezi kumwambia mtu asistanji, na hata ukimwambia hatakusikia, na yeye ndiye mwenye haki.

Hapo ndipo nilipofikia uamuzi wangu kuhusu hizi katriji, na ninajua wauzaji hawataupenda: mahali ambapo watu wanatumia kopo au shatafu, katriji ya mafuta haidumu. Utainunulia mafuta kila wiki. Kwenye jengo ambalo watumiaji hawaingii na maji na msafishaji amefundishwa, inafanya kazi, nimeziona.

Baada ya karo nikaigeukia ile harufu inayochoma. Bomba la kutokea mabakulini linapita mlalo nyuma ya ukuta mdogo, plastiki ya inchi mbili. Nilifungua kifuniko cha kusafishia na kidole changu cha shahada kikajaza tundu lililobaki. Kote kulikuwa na ukoko wa rangi ya mchanga, mgumu kama wa sufuria ya wali. Mkojo mbichi hauna amonia ya kutisha. Ukilala, vijidudu vinaivunja yurea iliyomo, amonia inatoka, mkojo unageuka kutoka uchachu kidogo kuwa mkali kama magadi, na hapo kalsiamu, magnesiamu na fosfati zilizokuwa zimeyeyuka zinaganda kuwa jiwe. Maji ya visima vyetu vya mawe ya matumbawe yana kalsiamu nyingi, mtazame birika lako. Basi maji kidogo ya aina hiyo juu ya mkojo mwingi ni kulisha jiwe: hayatoshi kuusukuma mkojo, lakini yanatosha kuuongezea chokaa. Kopo lilikuwa linafanya hivyo hivyo.

Pia bomba lilikuwa karibu bapa. Nilipoweka pima maji, mteremko wake haukufika nusu sentimita kwa mita, na lilipaswa kuwa na sentimita mbili. Mkojo ulikuwa unakaa humo kama dimbwi. Tulilikata bomba, tukaweka jipya kwa mteremko huo wa sentimita mbili, na vipande vilivyobaki nyuma ya vigae tukavisafisha kwa asidi ya ndimu iliyoyeyushwa kwenye maji moto, tukaiacha usiku kucha kisha tukapitisha waya. Mtu wa usafi alikuwa ameshaleta chupa ya klorini ya kufulia tuitie pia. Nilimzuia. Klorini hiyo ikikutana na asidi inatoa gesi ya sumu, na ikikutana na amonia inatoa gesi nyingine ya sumu, na sisi tulikuwa na vyote viwili ndani ya chumba chenye dirisha moja.

Sasa ule mkasa wa tangi lisilojaa.

Sistani ya zamani ilikuwa bado ipo juu ya ukuta, imefungwa koki tu. Ni sistani ya lita 13.5 inayojiflashi yenyewe, haina mnyororo wala kitufe. Inaingizwa maji kidogo kidogo kupitia koki ndogo. Ndani yake mna kengele ya plastiki iliyofunika bomba linaloshuka. Maji yanapopanda yanabana hewa iliyonaswa chini ya kengele, na yakifika kimo fulani hewa inasukumwa itoke kupitia bomba, maji yanaifuata kwa wingi, na mvuto unaanza. Sistani nzima inajimwaga mabakulini, hewa inaingia tena, kazi inaanza upya. Haijui kama kuna mtu au hakuna. Inajua tu kwamba imejaa.

Kwa hiyo mtu akitaka kujua inatumia maji kiasi gani, anachohitaji ni saa ya mkononi. Kanuni za maji za Uingereza za mwaka 1999, ambazo sistani za namna hii zinazifuata, zinaweka kikomo cha lita 7.5 kwa saa kwa kila bakuli pakiwa na mabakuli mawili au zaidi. Mabakuli matatu ni lita 22.5 kwa saa. Sistani ya lita 13.5 basi inatakiwa iflashi kila baada ya dakika 36. Koki inatakiwa kuingiza mililita 375 kwa dakika, nazo unazipima kwa kikombe chenye alama.

Niliifungua koki ile mchana. Halikutoka hata tone. Nikafikiri koki imeziba, nikaifungua yote, tone halikutoka. Mwenye jengo akacheka: "Si nilikwambia, mchana haikuwa inaflashi. Ndiyo maana tulinuka."

Sasa maji yasiyotoka yatalizuiaje tangi lisijae? Aliyetoa jibu ni mlinzi, mzee mmoja aliyekuwa anatusikiliza mlangoni. Alisema zamani usiku choo hiki kilikuwa kinanguruma kama bahari ya masika, mpaka alfajiri.

Tuliifuata paipu. Maji ya mjini katika mtaa ule yanakuja usiku, yanaingia tangi la chini, na pampu inawaka yenyewe kwa boya na kuyapandisha kwenye tangi la lita 3,000 lililoko juu ya dari. Aliyeunga sistani alikata njia fupi: alichomeka kwenye bomba la kupandishia, lile linalopita karibu na choo, badala ya bomba linaloshuka kutoka tangini. Bomba la kupandishia linaingia tangini kwa juu, hivyo pampu ikizima hakuna maji yanayorudi. Mchana, watu wakiwepo, sistani kavu. Usiku, jengo likiwa tupu, koki inapata nguvu yote ya pampu.

Tangi la chini lilikuwa na maji kiasi, nikaiwasha pampu kwa mkono na kushika saa huku koki nikiirudisha kwenye alama yake ya zamani ya kutu. Iliflashi kila baada ya dakika nne. Hizo ni zaidi ya lita 200 kwa saa. Maji yakija saa sita usiku na kukatika saa kumi na moja alfajiri, ni lita elfu moja kila usiku, theluthi ya tangi, zinaosha mabakuli yasiyokuwa na mtu.

Tuliihamisha sistani kwenye bomba la kushuka. Hapo mimi mwenyewe nilikosea, na afadhali niseme. Nilitaka isiflashi usiku, nikanunua valvu ya umeme ya kawaida na taima ya kuipangia saa. Valvu ilikataa kufunguka sawasawa. Valvu nyingi za umeme zina kiwambo cha mpira kinachonyanyuliwa na nguvu ya maji yenyewe, umeme unafungua kitundu kidogo tu cha kuanzia, na zinataka angalau shinikizo la maji yaliyosimama mita tatu mpaka tano. Ukumbi uko ghorofa ya juu na sistani iko karibu na dari. Kutoka sistani mpaka chini ya tangi nilipima mita moja na nusu, na tangi likijaa ni mita 2.7. Maji hayakuwa na nguvu ya kunyanyua kiwambo. Niliirudisha dukani na kuchukua valvu ya mpira wa chuma unaozungushwa na mota ndogo ya volti 12, ambayo haijali maji yana nguvu au hayana. Mbele yake nikaweka chujio, kwa sababu koki iliyobanwa kutoa mililita 375 inazibwa na chembe moja ya mchanga.

Taima niliyochagua ina betri yake ya kutunza saa. Ile isiyokuwa nayo, umeme ukikatika inaanza upya saa sita, na baada ya kukatika mara tatu kwa wiki utakuta inafungua maji saa tisa usiku na mtu hajui kwa nini.

Koki niliipima tangi likiwa limejaa. Shinikizo likipanda na kushuka, maji ya koki nayo yanabadilika, lakini si kwa kadiri ile ile: ikitoa mililita 375 tangi likiwa limejaa, itatoa kama 280 tangi likikaribia kwisha, na flashi zitatoka dakika 36 mpaka 48. Hiyo inavumilika. Kisichovumilika ni kuibana zaidi kwa tamaa ya kuokoa. Nilijaribu. Chini ya kiasi fulani maji yanapanda polepole mno, yanapita ukingoni mwa bomba la ndani kama uzi bila kuivuta hewa, na mvuto hauanzi kabisa. Sistani inakaa imejaa, uzi wa maji unateremka saa zote, na mabakuli hayapati flashi hata moja. Ukiona bakuli lina mfereji mwembamba wa rangi ya kahawia katikati na pembeni pakavu, usifikirie usafi, panda ukaitazame sistani. Inaweza pia kuwa kengele imepasuka na inavujisha hewa, dalili ni hiyo hiyo.

Taima tuliipanga saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku, na siku za harusi mpaka saa sita. Kwa saa 14 hizo ni kama lita 315 kwa siku. Ramadhani haipo kwenye mpango huo. Mchana mkahawa umefungwa, na baada ya futari mpaka daku watu wanapanda na kushuka, kwa hiyo saa zote zinageuzwa: kufungua magharibi, kufunga alfajiri, na flashi moja tu mchana ili maji ya trapu yasikauke. Taima ina nafasi ya programu mbili, nikamwonesha mlinzi jinsi ya kuhama kutoka moja kwenda nyingine, maana yeye ndiye anayekuwepo mwezi unapoandama. Mwenye jengo nilimpendekezea sensa ya kuona watu badala ya taima, kwa kuwa ukumbi unaweza kukaa siku nne bila mtu, akasema tutaangalia baada ya msimu.

Trapu za kawaida tumezirudisha. Kopo limebaki pale pale penye mfereji, na sasa maji yake hayana cha kuharibu. Katriji tatu ziko stoo na chupa moja ya mafuta ya buluu ambayo haijafunguliwa.

Nilirudi wiki sita baadaye. Mabakuli mawili safi. La tatu, la mwisho upande wa dirisha, limeanza mstari mwembamba wa ukoko chini ya mdomo. Bomba la chuma linalogawa maji kutoka sistani limeinama kidogo upande wa mlango, basi bakuli la kwanza linapata maji mengi na la mwisho linapata masazo. Nililiwekea pima maji: milimita sita katika mita mbili. Kibano cha katikati kinapaswa kung'olewa na kupigwa upya, na kigae kimoja kitavunjika. Mwenye jengo anatafuta kigae cha rangi ile.